Jina Lipo Kwenye Chati, Mwenye Jina Haonekani

(Mhadhara kwa wafanyakazi wa kampuni za uwakala wa forodha na usafirishaji, Nakawa, Kampala)

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu wote habari za jioni. Najua wengi mmekuja moja kwa moja kutoka kazini, na simu zitaita katikati ya maneno yangu kwa sababu lori halisubiri mhadhara. Pokeeni, kisha mrudi.

Nimeombwa niseme juu ya kampuni kubadilisha muundo wake. Sitazungumzia waliopunguzwa kazi, maana hao wamepewa barua na wanajua wamesimama wapi. Nataka kuwazungumzia waliobaki. Mshahara ni uleule na dawati ni lilelile, lakini bosi si yule, kazi si ile, na hakuna aliyewaita akawaambia kwa nini.

Sisi Uganda si wageni wa mambo haya. Mwaka 2014, eneo moja la forodha la Afrika Mashariki lilipoanza kufanya kazi, mizigo ya Uganda ikawa inakamilishiwa taratibu za forodha ikiwa bado Mombasa, na kazi nyingi iliyokuwa ya mpakani Malaba ikahama. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria za kurudisha mamlaka ya kahawa na ile ya barabara kuu chini ya wizara. Hilo la kahawa lilizua kelele mpaka ndani ya Bunge kwenyewe. Kelele zina faida yake: mtu anajua kuna kitu kinatokea. Kwenye kampuni binafsi ya watu wachache, muundo mpya huja na slaidi moja Jumatatu asubuhi, halafu watu wanaambiwa warudi kazini.

Nichukue mfano mmoja niliouona kwa karibu nikiwa mshauri wa rasilimali watu. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike.

Dada huyu alikuwa mkuu wa nyaraka katika kampuni ya kutoa mizigo hapa Kampala. Alikuwa na vijana wanne chini yake, na bosi wake alikuwa meneja wa tawi. Kampuni ikaunganisha shughuli za Kampala, Nairobi na Mombasa. Kwenye slaidi jina lake lilikuwepo, na cheo kilekile. Akapiga makofi pamoja na wenzake. Wiki mbili baadaye akaomba likizo kwenye mfumo wa kompyuta, na pale panapoandikwa jina la mwidhinishaji akakuta mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kuonana naye wala kusikia sauti yake. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba bosi wake amebadilika.

Baada ya hapo mambo yakaja kidogo kidogo. Vijana wake wakaanza kupokea maagizo kwa barua pepe kutoka Nairobi, yeye hayumo hata kwenye nakala. Kundi la WhatsApp la kazi halikufutwa. Lilinyamaza tu, kwa sababu lingine lilikuwa limefunguliwa na yeye hakuingizwa. Madereva ndio peke yao walioendelea kumpigia, kwa kuwa dereva hasomi chati, anasoma namba iliyomo kwenye simu yake. Nilipomuuliza hali ikoje akaniambia, "Wananisalimia vizuri, nnyabo huku, nnyabo kule, ila hakuna anayeniuliza kitu."

Hapo watu wengi hukimbilia kwenye moyo: vumilia, jiamini, omba Mungu. Kuomba ni vizuri. Lakini mimi nadhani tuanze na njia ambazo kazi hupitia, kwa sababu kuonekana kazini kunatokana na mambo yanayohesabika. Nani anakuletea kazi? Nani hawezi kuendelea mpaka uweke saini? Nani atajaza fomu yako ya tathmini mwaka wa fedha ukifungwa Juni? Yule dada nilimwomba apitie barua pepe na simu zake za mwezi mmoja kabla ya mabadiliko na mwezi mmoja baada yake, aangalie ni maombi gani yaliacha kuja. Jibu likajitokeza lenyewe. Saini yake kwenye hati za mizigo inayoingia ilikuwa imehamia Nairobi, na hakuna hata mstari mmoja wa maandishi uliosema hivyo. Basi alikuwa hajaota wala hakuwa na wivu. Kitu halisi kilikuwa kimeondolewa.

Kwa nini hakuambiwa? Mnapenda kusema ni ubaya, na mara nyingine ni ubaya kweli. Lakini nimekaa upande wa pili wa meza, na sababu niliyoikuta mara nyingi ni ya kijinga zaidi kuliko ya kikatili. Muundo huchorwa na watu wachache, kwa kufuata vyeo na gharama, kwa siri, wakiogopa uvumi. Ukishapita, bosi wa zamani anasema moyoni, huyu si wangu tena, atamweleza bosi mpya. Bosi mpya naye anasema, bila shaka alishaelezwa kabla sijaja. Ofisi ya rasilimali watu inaamini imemaliza kazi kwa kutuma slaidi. Kwa huyu dada ilikuwa hivyo hasa. Nilipompigia mtu wa Nairobi alishtuka. Alidhani ukimya wa dada ni kiburi.

Na ukimya huo una bei. Kuna utafiti wa zamani wa Jerald Greenberg, uliochapishwa mwaka 1990, ambao napenda kuwatajia mabosi. Kiwanda kilipunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10 katika matawi mawili, na tawi la tatu halikuguswa. Tawi moja lilielezwa sababu kwa kina, kwa heshima, na maswali yakajibiwa. Tawi lingine lilipewa maneno machache tu. Makato yalikuwa sawa. Wizi uliongezeka kote kulikokatwa, ila pale palipokosa maelezo uliongezeka zaidi sana, na walioacha kazi walikuwa wengi zaidi. Angalieni kwamba maelezo hayakurudisha hata shilingi moja. Yalibadilisha namna watu walivyoipokea hasara. Na sisemi maelezo hutibu kila kitu, maana hata kwenye tawi lililoelezwa wizi ulipanda.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo nadhani ndiyo kiini. Kila mfanyakazi wa muda mrefu ana kazi isiyoandikwa popote, na hiyo ndiyo hupotea kwanza. Ninyi mnajua mzigo wa kwenda Sudan Kusini unapita hapa chini ya dhamana ya forodha. Lori likishatoka mpakani Elegu, lazima kutoka kwake kuonekane kwenye mfumo ili ile dhamana ifunguliwe. Isipofunguliwa, kiasi kile kinabaki kimefungwa, nafasi ya kupitisha mizigo mingine inapungua, na mamlaka ya mapato inaweza kudai kodi kana kwamba mzigo umebaki nchini. Kwa miaka huyu dada alikuwa na daftari lenye jalada jekundu. Kila Ijumaa alipitia dhamana ambazo hazijafunguliwa, akapiga simu Elegu, akasumbua watu mpaka zifunguke. Hakuna aliyemtuma. Haikuwa kwenye maelezo ya kazi yake.

Muundo mpya ukaja, daftari likakaa kwenye droo. Hakugoma. Alisubiri aulizwe, kwa sababu sasa kazi za mizigo ya kupita zilikuwa za mtu mwingine. Yule mtu mwingine hakujua kwamba kazi hiyo ipo. Miezi michache baadaye lori lilikwama kwa sababu dhamana ya kampuni ilikuwa imejaa. Mkutano ukaitishwa, na hapo ndipo dereva mmoja mzee akauliza, "Kwani nnyabo wa nyaraka hapigi tena simu Elegu?"

Basi ushauri wangu ni karatasi moja, si malalamiko. Usiandike kwamba unajisikia kudharauliwa, hata kama ni kweli, kwa kuwa bosi atajibu "hapana, tunakuthamini sana" na mazungumzo yameisha. Andika kazi, mstari kwa mstari. Yule dada aliandika hivi: kufuatilia dhamana ambazo hazijafunguliwa, nilikuwa nafanya kila Ijumaa, sasa hakuna anayefanya, naomba kujua ni ya nani. Kuidhinisha likizo za vijana wanne, nilikuwa naidhinisha mimi, sasa sijui, naomba kujua. Tathmini yangu ya Juni, nani ataifanya na kwa malengo yapi. Ikapita mistari tisa hivi. Akaituma kwa bosi mpya na nakala kwa bosi wa zamani, ili wote wawili wakose pa kujificha. Akaomba jibu la maandishi kwa tarehe aliyoitaja.

Mabosi mliopo humu, mkipokea karatasi kama hiyo, jibuni kila mstari. Na pale msipojua, andikeni "sijui, nitauliza." Mtu wa Nairobi alijibu hivyo kwenye mistari miwili, na dada aliniambia majibu hayo mawili ndiyo yaliyomtuliza kuliko mengine. Unafiki hunusika.

Je, kama unasukumwa utoke? Tofauti huonekana baada ya kuuliza. Aliyesahauliwa akiuliza hujibiwa, hata kwa kuchelewa. Anayesukumwa huuliza kwa maandishi mara ya kwanza na ya pili, hajibiwi, kisha anaona ruhusa yake ya kuingia kwenye mfumo wa forodha wa ASYCUDA imefungwa, malengo yake ya mwaka ni matupu, na kazi zake wanapewa wengine mbele ya macho yake. Weka nakala za barua hizo zenye tarehe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, kikiwemo cheo, na inatambua kwamba mtu aliyeacha kazi kwa sababu ya mwenendo usiofaa wa mwajiri ni kama aliyeachishwa. Lakini mwajiri ana haki ya kupanga upya biashara yake, na hakuna sheria inayomlazimisha bosi akuone wa maana. Msiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira kisha mkaenda kutafuta wakili. Nendeni kwanza kwa afisa wa kazi wa wilaya mkiwa bado na kitambulisho cha kampuni shingoni. Ajira ikishavunjwa, malalamiko yapelekwe ndani ya miezi 3.

Mnaniuliza kwa macho dada aliishia wapi. Dhamana za forodha sasa ni kazi yake rasmi, imeandikwa, na kwa ofisi zote tatu. Wale vijana wanne hakurudishiwa. Wanaripoti Nairobi, na likizo zao huidhinishwa huko. Hilo bado linamuuma na haoni aibu kulisema.

Haya, nimeona mkono pale nyuma. Karibu, mzee.