Engo ya Habari Imezikwa Aya ya Nne: Kuhariri Barua Pepe ya Kumshawishi Mwandishi

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Leo nimekuja na barua pepe moja tu. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya somo hili, na tarakimu zake ni za kufundishia, lakini kila kosa lililomo nimewahi kulikuta kwenye barua halisi, na mengine nimeyafanya kwa mkono wangu. Tutaihariri pamoja mbele yenu mpaka engo ya habari, yaani lile jambo linaloifanya iwe habari, ionekane kwenye mstari wa mada na kwenye sentensi za mwanzo. Zaidi ya hapo hatutakwenda.

Mtumaji ni shirika linalopima macho ya wanafunzi. Linataka waandishi waje kwenye uzinduzi wa mradi. Mada yake inasema hivi:

> TAARIFA KWA VYOMBO VYA HABARI: Uzinduzi wa Awamu ya Pili ya Mradi wa Afya ya Macho kwa Wanafunzi

Na barua inaanza:

> Ndugu Mhariri, natumaini barua hii imekukuta ukiwa mzima wa afya. Shirika letu limekuwa mstari wa mbele katika kuboresha afya ya macho kwa jamii. Tunayo furaha kubwa kukujulisha kwamba tutazindua awamu ya pili ya mradi wetu…

Inaendelea hivyo aya tatu: historia ya shirika, majina ya wafadhili, shukrani. Kwenye aya ya nne, katikati, kuna sentensi hii: «Katika awamu ya kwanza tulipima wanafunzi 1,200 katika shule 8, ambapo 312 walibainika kuwa na uoni hafifu, wakiwemo 190 ambao walimu walikuwa wamewaorodhesha kuwa wazito wa kuelewa.»

Someni tena maneno ya mwisho. Watoto 190 wamewekwa kwenye orodha ya wasioelewa, na macho yao hayaoni vizuri. Hiyo ndiyo habari. Mwandishi aliyeipata sentensi hiyo angeacha chai ikapoa. Lakini ataipataje? Barua kaiona kwenye simu, katikati ya barua nyingine nyingi, na alichoonyeshwa ni mada iliyokatwa na maneno machache ya mwanzo. Simu nyingi huonyesha kama herufi 30 hadi 40 za mada, kisha kipande cha mwanzo wa barua. Kwa hiyo mwandishi wetu kaona «TAARIFA KWA VYOMBO VYA HABARI: Uzinduzi…» na chini yake «Ndugu Mhariri, natumaini barua hii imeku…». Nafasi yote imetumika na hajaambiwa kitu. Neno «taarifa» halimwambii chochote, kwa sababu kila kinachoingia kwenye sanduku lake ni taarifa.

Kazi ya kwanza basi ni kuitafuta sentensi iliyozikwa. Mimi naisoma barua kutoka chini kwenda juu. Anayeandika huanza na yale ambayo bosi wake anataka yaonekane, na yale yaliyomgusa yeye mwenyewe huyachomeka baadaye. Natafuta mahali penye mtu, tarakimu, na jambo ambalo msikilizaji hakulitarajia. Mahali hapo nikishapaona, nafunga barua na kujaribu kulisema jambo hilo kama ninamsimulia mwenzangu kwenye simu: «Unajua, walimu walitupa orodha ya watoto wazito, tukawapima macho, tukakuta wengi hawaoni.» Sentensi hiyo ya mdomoni ndiyo mbegu ya mada.

Sasa tuiandike mada. Jaribio la kwanza linalomjia karibu kila mtu ni hili: «Kumbe hawaoni ubao!» Linavutia, lakini halisemi ni akina nani wala wangapi. Mwandishi hawezi kulipeleka kwenye kikao cha asubuhi cha chumba cha habari, na mada nzuri ni ile anayoweza kumsomea mhariri wake jinsi ilivyo. Zaidi ya hayo, hakuna aliyepima kama wanaona ubao. Walipimwa kwa chati umbali wa meta 6.

Jaribio la pili: «Wanafunzi 190 ‘wazito’: shida ni macho.» Hapa watu na idadi vimekuja mbele, na hilo ni jambo la kushika: vitu vizito vikae mwanzoni, maana mkia ndio unaokatwa. Ila kuna kasoro mbili. Nilipomwonyesha mwenzangu mada hii peke yake, aliniuliza, «Hii ni habari ya unene wa watoto?» Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa najua uzito gani unasemwa kwa sababu nimesoma barua nzima. Yeye hakuwa nayo. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. «Shida ni macho» ni kudai kwamba macho ndiyo yaliyowafanya wasielewe. Vipimo havijasema hivyo. Vimesema tu kwamba mtoto yuko kwenye orodha na pia ana uoni hafifu. Mwandishi wa afya mwenye uzoefu ataliona dai hilo papo hapo, na ataanza kuitilia shaka barua yote.

Jaribio la tatu:

> Wanafunzi 190 ‘wasioelewa’ hawaoni vizuri

Ni herufi 41 ukihesabu na nafasi. Ina watu, ina idadi, ina mgongano wa mambo mawili, na haijadai zaidi ya kilichopimwa. Alama za kunukuu zinaonyesha kwamba neno hilo si letu, ni la waliowaorodhesha. Hii naikubali.

Lakini mara tu tulipoitoa sentensi ile gizani, imejionyesha kwamba ina pengo. 190 kati ya wangapi? Barua ya awali haisemi orodha ya walimu ilikuwa na majina mangapi. Kama yalikuwa 200, ni habari ya kutisha. Kama yalikuwa 700, basi sehemu yao wenye uoni hafifu ni karibu sawa na ya wanafunzi wote, na engo yetu imekufa. Hapa msikimbilie kuandika. Mpigieni simu aliyesimamia upimaji. Katika mfano wetu anajibu kwamba orodha ilikuwa na wanafunzi 410. Basi hesabu inakuja: waliokuwa kwenye orodha, 190 kati ya 410, yaani karibu nusu. Wasiokuwemo, 122 kati ya 790, yaani kama 15 kwa kila 100. Sasa tuna kitu cha kulinganisha, na engo imesimama kwa miguu yake.

Tuje kwenye sentensi za mwanzo. Salamu ya heshima ibaki, fupi, yenye jina lake. «Natumaini barua hii imekukuta mzima» iondoke, hata kama kuiondoa kunatuuma sisi tuliolelewa kusalimiana kwa kituo. Inakula ile nafasi inayoonekana kabla barua haijafunguliwa. Nembo ya shirika iliyowekwa juu kabisa nayo ishushwe chini, kwa sababu mara nyingine kinachoonekana mahali pa sentensi ya kwanza ni jina la faili la picha. Baada ya salamu tunaingia moja kwa moja:

> Walimu wa shule 8 walituorodheshea wanafunzi 410 wanaowaona wazito wa kuelewa. Tulipowapima macho, 190 hawakuona vizuri umbali wa meta 6. Kwa wenzao wasiokuwa kwenye orodha, ni 122 kati ya 790.
>
> Alhamisi tunaanza kupima shule nyingine. Kabla ya siku hiyo unaweza kuzungumza na mtaalamu wa macho aliyewapima, na mwalimu aliyeandika mojawapo ya orodha hizo. Jedwali la matokeo ya kila shule, bila majina ya watoto, nimeliweka chini ya barua hii.

Angalieni kwamba sentensi ya kwanza haikuirudia mada. Imeichukua pale ilipoishia ikaeleza orodha imetoka wapi. Neno «wazito» limerudi, na sasa halina utata kwa sababu limepata «wa kuelewa». Uzinduzi nao haukutupwa. Umeshuka ukawa jibu la swali ambalo mhariri huuliza daima: kwa nini tuitoe wiki hii? Na mwalimu yule lazima awe amekubali kabla hamjamtaja. Mwandishi akipiga simu halafu mwalimu akaruka, mmepoteza vyote.

Nilishawahi kuandika «kwa mara ya kwanza» kwenye mada bila kuhakikisha. Mwandishi alitafuta dakika chache akakuta kazi kama hiyo iliyotangulia, akaniandikia mstari mmoja kunionyesha. Hakukasirika, ila barua zangu zilizofuata hakuzijibu kwa muda mrefu. Tangu hapo maneno kama «kwanza» na «pekee» nayafuta mpaka niwe na ushahidi mkononi. Vilevile msiweke «Re:» mbele ya mada ili ionekane kama mlikuwa mnawasiliana tayari. Huo ni uongo, na anayeupokea anaujua.

Jambo la kupima kabla ya kutuma ni rahisi. Mpeni mtu asiyeijua kazi yenu mada na sentensi mbili za kwanza tu. Muulizeni: gazeti litaandika nini? Akisema «shirika fulani linazindua mradi», engo bado haijatoka. Akisema «watoto wanaodhaniwa hawaelewi, wengi hawaoni», tumeni. Majibu ya waandishi nayo yanapima. Anayeuliza «hii inahusu nini?» hajaiona engo. Anayeuliza «naweza kumpata mwalimu kesho?» ameiona.

Dada aliyekaa pale mbele ameuliza kama barua hii hii inaweza kwenda kwa mwandishi wa elimu na wa afya. Tarakimu ni zilezile, lakini mada ibadilike. Hii tuliyoandika ni ya mwandishi wa elimu, kwa sababu moyo wake ni ile orodha ya walimu. Wa afya anataka ukubwa wa tatizo, kwa hiyo ningemwandikia «Uoni hafifu: wanafunzi 312 kati ya 1,200», na sentensi ya kwanza ieleze walivyopimwa na wangapi wamekwisha kupata miwani. Kila mmoja atumiwe barua yake peke yake. Na kama wote wawili wako chombo kimoja, mwambieni kila mmoja kwamba mwenzake naye ameandikiwa, wasije wakakutana na habari moja mezani kwa mhariri.

Kaka ameuliza kuhusu zuio la muda, kwamba habari isitoke kabla ya Alhamisi. Kuandika zuio hilo kwenye mada hakumfungi mtu ambaye hajakubali. Muulizeni kwanza kwa barua fupi isiyo na matokeo ndani yake, akubali kwa maandishi, ndipo mtume tarakimu. Kama hamna muda wa kufanya hivyo, tumeni siku ambayo mko tayari habari itoke.