Pipeti Haina Kosa, Maji Yamekwenda Hewani: Mhadhara kwa Mafundi wa Maabara, Mombasa

Asalaam aleikum, mabibi na mabwana. Ahsanteni kwa kuja na jua hili la kaskazi. Leo nitashughulika na pipeti moja tu, ya mikrolita 20, kwa sababu hiyo ndiyo inayokataliwa sana bila hatia inapopimwa kwa mizani. Nataka tuelewane ni vipi joto na uvukizi huidhulumu, na ni vipi utajua ni yupi kati ya hao wawili aliyefanya kazi hiyo.

Njia yenyewe mnaijua, nayo imeandikwa katika kiwango cha ISO 8655-6. Unaweka chombo kidogo chenye maji kidogo chini yake juu ya mizani, unarudisha namba kuwa sifuri, unamimina, unasoma. Mara kumi. Kisha unabadilisha miligramu kuwa mikrolita. Hapo kwenye kubadilisha ndipo wengi wanapoteleza, maana tulifundishwa shuleni kwamba miligramu moja ya maji ni mikrolita moja, tukaondoka nayo.

Si hivyo. Maji yakipata joto hutanuka, na hewa inayoyazunguka huyainua kidogo, kwa hiyo mizani inasoma pungufu ya uzito wao halisi kwa takriban sehemu moja katika elfu. Mambo hayo mawili yameunganishwa katika kizidishi kimoja kinachoitwa Z. Kwa mgandamizo wa hewa wa hapa pwani, usawa wa bahari, Z ni 1.0029 maji yakiwa nyuzi 20, ni 1.0040 kwa nyuzi 25, na 1.0054 kwa nyuzi 30. Joto ninalosema ni la maji yenyewe, si la kipimajoto kilichotundikwa ukutani. Maji yaliyoachwa wazi kwenye bika hupoa kwa sababu yanavukiza, na yanaweza kuwa baridi kuliko chumba. Chovya kipimajoto ndani ya maji.

Sasa tuichukue pipeti yetu. Imewekwa kwenye 20, chumba na maji viko nyuzi 25, na wastani wa mimino kumi ni miligramu 19.71. Kwa pipeti ya ukubwa huu, ISO 8655-2 inaruhusu wastani ukosee mikrolita 0.2 juu au chini, basi. Anayesoma miligramu kama mikrolita ataona upungufu wa 0.29 na kuikataa. Mwenzake aliye mwangalifu zaidi atazidisha kwa 1.0040, apate 19.79. Upungufu ni 0.21. Naye ataikataa, kwa unyoya tu.

Lakini kuna maji ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyahesabu. Tangu unapoweka sifuri hadi unaposoma zimepita, tuseme, sekunde 30. Muda wote huo chombo kiko wazi na maji yanaondoka. Hesabu yake si ngumu. Hewa tulivu ya nyuzi 25, yenye unyevu wa nusu ya uwezo wake, na chombo chenye mdomo wa sentimita moja ya mraba ambamo maji yako sentimita moja chini ya ukingo: mvuke unaopanda hapo ni karibu miligramu 0.17 kwa dakika. Kwa sekunde 30 ni kama 0.09. Linganisheni na ile 0.2 tunayoruhusiwa. Karibu nusu ya ruhusa yote imepaa kabla namba haijatulia.

Kwa hiyo, mkishamaliza mimino kumi, msiondoe chombo. Ikiwa mimino ilichukua dakika tano, kiacheni dakika tano nyingine bila kumimina chochote, kisha someni kimepungua kiasi gani. Katika mfano wetu kimepungua miligramu 0.90, yaani 0.09 kwa kila mmimino. Rudisheni hiyo: 19.71 na 0.09 ni 19.80. Mara 1.0040 ni 19.88. Upungufu sasa ni mikrolita 0.12, na pipeti imepita.

Angalieni lingetokea nini kama fundi angeamini ile namba ya kwanza na kuikaza pipeti iongeze 0.29. Ingekuwa inatoa 20.17. Tungechukua pipeti nzuri tukaisukuma hadi karibu na mpaka wa upande wa pili, halafu tukaibandika kibandiko cha kuthibitisha kwamba imepimwa. Hilo linaniuma kuliko pipeti mbovu, kwa sababu mbovu angalau inajulikana.

Ndugu yangu pale nyuma ameuliza kama huku pwani uvukizi una maana, maana hewa yetu ni nzito ya unyevu. Swali zuri sana. Nje ni kweli. Lakini hatupimi nje, tunapima ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na mnaona wenyewe maji yanavyotiririka kutoka kwenye mpira wake nje ya ukuta. Hayo ni unyevu uliotolewa kwenye hewa ya maabara yako. Na upepo wake ukifika kwenye mizani, ile hesabu yangu ya hewa tulivu haifai tena: maji yataondoka kwa kasi zaidi, kasi isiyo sawa kutoka mmimino hadi mmimino. Funga vioo vya mizani, elekeza upepo kwingine, tumia chombo chembamba kirefu chenye kifuniko, na weka kibakuli cha maji ndani ya chemba ya mizani ili hewa ya humo ishibe.

Sasa, utajuaje kosa ni la nani? Pima kwenye 2, kwenye 10 na kwenye 20. Kosa la Z hufuata ujazo: ukitumia Z ya nyuzi 20 kwa maji ya nyuzi 30, unapoteza robo ya asilimia kila mahali, ambayo kwa mikrolita 20 ni 0.05 tu. Uvukizi haujali umemimina kiasi gani. Ile 0.09 ni ileile kwenye 20, ambako ni chini ya nusu ya asilimia, na kwenye 2, ambako ni asilimia nne na nusu. Kwa hiyo ukiona upungufu unaolingana kwa mikrolita katika ujazo wote, shuku uvukizi. Pipeti nayo yaweza kuwa na kosa la namna hiyo, basi rudia ukichelewesha kila mmimino hadi dakika nzima. Upungufu ukikua pamoja na muda, pipeti haihusiki.

Kuna alama ya tatu: namba zinazoshuka taratibu kutoka mmimino wa kwanza hadi wa kumi. Huo ni mkono wako. Kati ya pistoni na maji kuna hewa. Ikiwa ni mikrolita 100, ikipata nyuzi moja ya joto wakati maji yako kwenye tipu, inatanuka kwa 0.34, zaidi ya ruhusa yetu yote. Pipeti iliyotoka kwenye gari wakati wa mchana wa Februari itafanya vivyo hivyo kinyume, inapoa wakati unapima. Iache chumbani pamoja na maji na tipu kwa saa mbili, na usiishike katikati ya mimino. Tipu mpya nayo ina hewa kavu, itajazwa mvuke wa maji yako yenyewe, ndiyo maana tunavuta na kumwaga mara tano kabla ya kuanza kuandika.

Na mkiandika, andikeni kwenye cheti joto la maji, unyevu wa chumba, muda wa mmimino mmoja, Z mliyotumia, na miligramu mlizorudisha kwa ajili ya uvukizi. Nikiletewa cheti chenye 19.88 peke yake, sina njia ya kujua kama kilianza na 19.71 au na 19.80.