Tangazo lilisema "inchi 28", mdogo wangu hafiki hata chini

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Karibuni. Leo sitembei popote, niko hapa sebuleni na hii baiskeli mnayoiona nyuma yangu. Imeegemea ukuta wiki ya tatu sasa, na kila nikiipita ananijia mdogo wangu, maana niliinunua kwa ajili yake na haimfai. Si mbovu, ila ni ndefu kwake. Na kosa ni langu, kwa sababu nilinunua maneno.

Tangazo lilikuwa hivi, ninalo hapa kwenye simu, nawasomea: "Baiskeli ya mtumba, inchi 28, gia 21, breki nzuri, tairi kama mpya, inafaa mtu wa sentimita 165 hadi 185." Basi. Mdogo wangu ana 168. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani, 168 iko katikati ya hizo, nikalipa. Aliyeniuzia nadhani hakunidanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa naiuza, na maelezo lazima niandike mimi. Twende pamoja, mtaona lile tangazo lilikosa nini.

Tuanze na hiyo inchi 28. Hiyo ni saizi ya gurudumu, jamani, haisemi chochote kuhusu fremu. Baiskeli ya mtu mfupi na ya mtu mrefu zote zinaweza kuwa na gurudumu la 28. Fremu inapimwa hapa, ngoja nisogeze kamera. Unaona pale pedali zinapozungukia, katikati kabisa ya ekseli? Weka futi kamba hapo, panda nayo kwenye hili bomba linaloshika nguzo ya kiti, mpaka mwisho wake juu. Hii yangu inasoma sentimita 54. Lakini kuna watu wanaishia pale bomba la juu la fremu linapokutana na hili, katikati ya maungio. Ukipima hivyo unapata 52. Fremu ni hiyohiyo moja! Kwa hiyo ukiandika namba, andika na umepima kutoka wapi mpaka wapi. Na baiskeli za milimani msizilinganishe na hizi kwa namba hii. Bomba lao la juu limeinama sana kurudi nyuma, kwa hiyo fremu inasoma namba ndogo hata kama mpandaji wake ni mtu mrefu.

Hata hivyo, hiyo 54 peke yake haimwambii mnunuzi kama atafaa. Nilichotakiwa kumuuliza yule muuzaji ni vitu viwili ambavyo kila mtu anaweza kupima kwa dakika tano.

Cha kwanza ni urefu wa bomba la juu kutoka ardhini. Unasimamisha baiskeli wima, unapima kutoka sakafuni mpaka juu ya bomba, pale unaposimama ukiwa umeiweka katikati ya miguu. Hii ni 79. Halafu unapima mguu wako kwa ndani. Vua viatu, simama mgongo ukutani, chukua kitabu kigumu ukibane katikati ya mapaja kwa kukipandisha mpaka kigome, kana kwamba umeketi juu yake, mtu mwingine apime kutoka juu ya kitabu mpaka sakafuni. Mguu lazima uzidi lile bomba angalau sentimita 2, ili ukisimama ghafla usijiumize pale ambapo hatutapataja leo. 79 ongeza 2, ni 81. Mwenye mguu chini ya 81 asiichukue hii.

Mdogo wangu nilimpigia simu jana, akajipima. Ni 76. Yaani bomba linampita kwa sentimita 3. Hawezi hata kusimama nayo bila kuilaza pembeni.

Cha pili ni kiti, juu na chini. Kutoka katikati ya ekseli ya pedali mpaka juu ya kiti, nikikishusha chote nasoma 64. Nikikipandisha, nasimama pale mstari uliochorwa kwenye nguzo unapoanza kuchungulia. Huo mstari ni mpaka. Ukiuvuka, nguzo inabaki na kipande kifupi mno ndani ya fremu, na uzito wako unaweza kuikunja au kupasua bomba. Hapo mwisho nasoma 75. Waendesha baiskeli wengi wanatumia hesabu hii ya kuanzia: urefu wa mguu kwa ndani mara 0.883 unakupa urefu wa kiti. Ukigeuza, 75 gawanya kwa 0.883 ni kama 85. Mwenye mguu unaozidi 85 atapanda magoti yakiwa yamekunjika, na yatamuuma.

Mmeona sasa? Kwa upande wa kiti peke yake, hii baiskeli ingeshuka mpaka kwa mtu wa mguu wa 72 au 73. Nafikiri yule muuzaji alishusha kiti, akaona kinashuka vizuri, akaandika 165. Lakini bomba la juu halishuki. Anayefaa kweli ni mwenye mguu wa 81 hadi 85. Kwa kimo hiyo ni takriban 175 hadi 184, na neno takriban naliandika makusudi. Mimi nina 172 na mguu wangu ni 82, naipanda bila shida. Rafiki yangu ana 178, mtu wa kiwiliwili kirefu, mguu wake 79, anagusa bomba. Ndiyo maana mimi naandika mguu kwanza, kimo baadaye.

Gia. "Gia 21" ni tatu mbele mara saba nyuma, hesabu tu. Nilichofanya ni kuhesabu meno. Mbele kuna 48, 38 na 28. Nyuma zinaanza 14 mpaka 28. Gia nyepesi kuliko zote ni 28 mbele na 28 nyuma: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja, unasogea kama mita 2.2. Nzito kabisa, 48 na 14, unasogea kama mita 7.5. Hapo mtu mwenye mlima karibu na kwake anaelewa anachonunua. Na 21 zenyewe si 21 tofauti. 48 na 24 inakupa mara mbili kamili, na 28 na 14 pia mara mbili kamili. Ni gia ileile kwa njia mbili, na zote mbili cheni inakaa mshazari.

Tena cheni inasema ukweli kuliko rangi ya fremu. Weka rula katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya inasoma milimita 305, ikifika 306 na nusu ibadilishe, ikifika 308 imeshakula na meno ya nyuma, utanunua vyote. Yangu ni 307. Kwa hiyo naandika: gia zinaingia zote, cheni inahitaji kubadilishwa. Nimeangalia meno ya nyuma, bado yana vichwa bapa, hayajachongoka kama pezi la papa.

Breki zilinishangaza, maana "breki nzuri" kwenye tangazo ilikuwa kweli nusu. Hizi ni za kubana rimu kwa mipira miwili. Nikivuta mkono wa breki ya mbele, unasimama vidole viwili kabla ya kugusa usukani, na nikiisukuma baiskeli mbele, gurudumu la nyuma linanyanyuka. Safi. Ya nyuma mkono unafika karibu na usukani, waya umelegea na mipira imekwisha, ile mifereji yake haionekani tena. Hiyo ni kazi ndogo. Kinachotakiwa kuangaliwa kwa makini ni rimu yenyewe, kwa sababu breki za aina hii zinaisaga kidogo kidogo. Pitisha ukucha pale mpira unapobana. Ukisikia bonde, weka ukingo wa rula, ukiona mwanga unapita chini yake katikati, rimu imekuwa nyembamba, na upepo wa tairi unaweza kuipasua ukiwa mwendoni. Zangu ziko bapa. Hilo naliandika, kwa sababu rimu ni gharama, mipira si kitu.

Sasa tairi "kama mpya". Ya mbele, sawa, ina meno yote. Ya nyuma meno yapo pia, ndiyo maana kwenye picha inapendeza. Lakini itie upepo halafu uiangalie ubavuni, sogea kamera... mnaona hizi nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka? Hii ilikaa muda mrefu bila upepo, ikibeba baiskeli. Haijawa kipara, ila mpira umezeeka. Nyuzi za ndani hazijaonekana bado. Zikionekana, au tairi ikivimba mahali pamoja, itoe siku hiyohiyo. Naandika: ya nyuma ibadilishwe.

Ibadilishwe na ipi? Ubavuni pameandikwa 28 x 1.40, halafu 700 x 35C, halafu 37-622. Nakilini hiyo ya mwisho. 37 ni upana kwa milimita, 622 ni kipenyo pale tairi inapokalia rimu. Zile baiskeli za zamani nyeusi za fremu nzito, zile tulizojifunzia kwa kupitisha mguu chini ya bomba, nyingi nazo zinaitwa 28, lakini zake ni 635. Tofauti ni milimita 13, tairi ya moja haikai kwenye nyingine hata ukilala juu yake. Anayenunua kwa "28" tu atarudi dukani.

Basi maelezo yangu ni haya, nawasomea nikiandika: "Fremu 54, kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi mwisho wa bomba la kiti. Bomba la juu liko 79 kutoka chini. Kiti 64 hadi 75. Inafaa mguu wa ndani 81 hadi 85, kimo takriban 175 hadi 184. Gia tatu kwa saba, meno 48-38-28 na 14 hadi 28, zote zinaingia, cheni imevutika, ibadilishwe. Breki za rimu, ya mbele nzuri, ya nyuma inataka mipira na kukazwa waya, rimu hazijalika. Tairi 37-622, mbele nzima, nyuma ina nyufa ubavuni."

Na wewe mdogo wangu, najua unatazama. Mguu 76, kwa hiyo bomba la juu lisizidi 74. Kwa baiskeli ya aina hii mguu mara 0.66 unatupa fremu ya 50 au karibu yake. Kesho naenda kuiona moja, na futi kamba iko mfukoni tayari.