Weka Randa Chini, Angalia Mianya Kwanza

Ndugu mafundi, nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia: mlango ukisugua, msikimbilie randa. Mbao uliyoiranda hairudi. Kwanza funga mlango taratibu, usimame mbele yake, uangalie mianya.

Chukua mlango wa sentimita 75, bawaba zake mbili zimeachana sentimita 150. Unasugua fremu juu, upande wa kitasa. Ukipima upande wa bawaba unakuta juu mwanya wa milimita 6, chini 3. Upande wa kitasa juu hakuna kitu, chini 3. Sasa niambieni, mlango huo ni mpana mno? Jumla ya mianya juu ni 6, na chini pia ni 6. Upana hauna kosa. Mlango umelala tu.

Fundi mwenye haraka ataranda milimita 3 pale juu. Utafunga, ndiyo, lakini ukingo umekwenda upande, na ule mwanya wa 6 kwenye bawaba unabaki pale pale.

Kaza skrubu za bawaba ya juu kwanza. Kama hazikulegea, pitisha kidole kutoka kwenye mbao hadi kwenye bati la bawaba. Hapa kidole kinakwama: bati limejitokeza milimita 1.5 kwenye fremu, na 1.5 kwenye mlango. Kishimo hakikufika kina. Fungua bawaba, ongeza kina kwa patasi kali, ukikwangua kidogo kidogo mpaka bati lilale sawa na mbao. Juu panarudi 3 kwa 3. Na kwa kuwa upana ni nusu ya umbali wa bawaba, kona ya kitasa inainuka milimita 1.5 hapo hapo.

Najua mtasema: mbao hufura wakati wa mvua. Hufura, lakini huo msuguano hushika karibu ukingo wote, mianya ya pande zote mbili ikiwa finyu. Hapo randa ni halali.

Kosa hili la kishimo cha bawaba huanzia kwenye kuchora. Msizungushe penseli nene kando ya bawaba. Shikilia bawaba mahali pake, chora kwa ncha ya kisu, kisha chora kina kwenye uso wa mlango kwa kupima unene wa bati lenyewe. Patasi itafuata mkato wa kisu.

Ukichimba kupita kiasi, mlango hugoma kabla haujafika kwenye kitasa, na ukiuachia unarudi wenyewe. Weka kadibodi nyembamba nyuma ya bati. Angalia pia vichwa vya skrubu visijitokeze, maana navyo huleta ugonjwa huo huo.

Naona muda umetubana. La ukingo wa kitasa nitaligusa tu: uinamishe kidogo, kama milimita 2 kwa mlango wa unene wa 40, upande unaotangulia kuingia kwenye fremu uwe ndio uliopunguzwa. Haya, maswali.