Hidar Si Machi: Kuhamisha Tarehe ya Kuzaliwa Kutoka Kalenda ya Ethiopia

Habari za jioni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na wanaonijua wanajua nitazidisha, basi mnisamehe mapema.

Wale mnaocheka kwamba Muethiopia yuko nyuma yetu miaka saba au minane, tazameni saa zenu. Mshale unaonyesha tisa, nanyi mnasema saa tatu. Yeye naye husema saa tatu, kwa sababu anahesabu tangu kucha kama sisi. Kwa hiyo tusichekane. Tujifunze kujaza fomu.

Nimekaa kwenye meza ya ukalimani hapa Eastleigh miaka mingi, na kisa nitakachowapa nimekisimulia mara nyingi hadi mke wangu anakijua kwa moyo. Alinijia kijana na barua ya kukataliwa ufadhili wa masomo. Sharti lilisema mwombaji awe hajatimiza miaka 22 kufikia tarehe 1 Septemba 2025, na yeye, ilisema barua, alikuwa ameshatimiza. Kijana akaapa kwamba ana ishirini na mmoja. Nikamwambia lete karatasi ya kwenu. Imeandikwa 12/03/1996.

Mtu aliyemjazia fomu hakuwa mjinga. Alijua kuna tofauti ya miaka. Akachukua 1996, akaongeza saba, akapata 2003, kisha akaandika 12 Machi 2003. Hapo ndipo alipoharibu. Ile 03 si Machi! Mwezi wa kwanza wa Ethiopia ni Meskerem, na huanza tarehe 11 Septemba. Wa pili, Tikimt, huanza 11 Oktoba. Wa tatu, Hidar, huanza 10 Novemba. Kijana wetu ni wa Hidar, na tangu lini Novemba ikawa Machi?

Tuhesabu pamoja, polepole. Mwezi wa kwao una siku thelathini kamili, wote kumi na miwili, halafu kuna kile kimwezi cha kumi na tatu, Pagume, chenye siku tano. Ikiwa 1 Hidar ni 10 Novemba, 12 Hidar ni siku kumi na moja mbele, yaani 21 Novemba. Mwaka je? Kuanzia 1 Meskerem hadi kama 22 Tahsas, ambao ni mwezi wa nne, unaongeza saba. Ukifika 23 Tahsas, Januari imeingia upande wetu, na tangu hapo hadi mwisho wa Pagume unaongeza nane. Hidar iko kabla ya Tahsas, kwa hiyo ni saba: 2003. Wale wa "ongeza nane tu, basi" wangempa kijana Novemba 2004, umri ungepita vizuri, kisha pasipoti ingewaumbua.

Tumepata 21 Novemba 2003. Bado si sahihi! Kila baada ya miaka minne Pagume huwa na siku sita badala ya tano. Mwaka huo wao huuita wa Luka, maana miaka yao minne imepewa majina ya wainjili. Mwaka 1995 ulikuwa wa Luka, kwa hiyo 1 Meskerem 1996 iliangukia 12 Septemba, si 11, na kila kitu kikasogea siku moja. Kanuni ya mezani ni hii: mwaka wa Ethiopia ukigawanyika kwa nne bila baki, ongeza siku moja kwa tarehe zote kuanzia Meskerem hadi 21 Yekatit, ambayo ni 29 Februari kwetu. Baada ya hapo kalenda mbili zinarudi kwenye pengo lao la kawaida. 1996 unagawanyika kwa nne. Kijana alizaliwa 22 Novemba 2003, na tarehe 1 Septemba 2025 alikuwa na miaka ishirini na mmoja, kama alivyoapa.

Najua kuna mtu huko nyuma anasema, siku moja inamdhuru nani? Fomu yako hailinganishwi na ukweli, ndugu yangu, inalinganishwa na pasipoti. Pasipoti ya Ethiopia huchapwa tarehe ya kuzaliwa kwa kalenda ya Gregori, yaani hii yetu. Ikisema 22 nawe umeandika 21, mfumo unaona watu wawili.

Na mwingine anasema, si kuna programu za simu? Zipo, zitumie, nami nazitumia. Lakini programu haijui ulichoiingizia ni cha kalenda gani. Na hapa kuna kosa baya kuliko lile la Machi: kugeuza mara mbili. Dada mmoja alikuwa na cheti ambacho tarehe yake ilikuwa tayari ya Gregori, msaidizi akaona jina la Kiethiopia, akaigeuza tena, na dada mwenye miaka ishirini na tano akawa mtoto wa kumi na saba. Kwa hiyo, kabla ya kugeuza, tafuta herufi: E.C. ni ya kwao, G.C. ni ya Gregori. Zisipokuwepo, angalia namba. Siku ya 31 haiwezi kuwa ya Ethiopia. Mwezi wa 13 hauwezi kuwa wetu.

Namba zikikataa kusema, uliza watu. Mimi nilimpigia simu mama wa kijana yule. Sikumuuliza mwaka. Nilimuuliza, mama, huyu alizaliwa siku gani? Akajibu bila kufikiri: siku ya Mikaeli, Mikaeli wa Hidar. Sikukuu hiyo ni 12 Hidar. Kisha nikamuuliza kuhusu sherehe za milenia, maana Waethiopia waliingia mwaka 2000 wao tarehe 12 Septemba 2007, na hakuna mtu mzima aliyeisahau siku ile. Akasema alikuwa amembeba mgongoni, analia kwa njaa. Mtoto wa Novemba 2003 alikuwa na miaka mitatu na miezi tisa siku ile. Kama angekuwa wa Machi 1996, vile karani anavyosoma karatasi kijuujuu, angekuwa na miaka kumi na moja. Nani humbeba mtoto wa miaka kumi na moja?

Mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Nilitaka kusema juu ya wasiojua siku wala mwezi, wanaoandikiwa 1 Januari wote kama pacha wa kambi nzima, lakini hiyo itabidi ingoje.

La mwisho basi. Ukihesabu ukaona pasipoti yenyewe imekosea, labda ofisini waliongeza nane kwa mtu wa Tikimt, usiandike tarehe yako sahihi kwenye fomu ukadhani umemsaidia. Andika iliyo kwenye pasipoti, au mrudishe kwanza akasahihishe pasipoti, akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi, ndipo mjaze. Yule kijana pasipoti yake ilikuwa sawa, 22 Novemba 2003. Ilikuwa mfukoni mwake wakati wote, na aliyemjazia hakumwomba aitoe.