Shilingi ngapi kwa kila mgonjwa wa malaria aliyeepushwa? Vyandarua na dawa ukoko kwenye meza ya halmashauri

Mganga Mkuu, mratibu wa malaria, mweka hazina, na ninyi nyote wa timu ya afya ya halmashauri, nawasalimu. Nimeombwa nizungumzie swali linalorudi kila mnapoandaa Mpango Kabambe wa Afya: fedha za kuzuia malaria ziende kwenye vyandarua au kwenye upuliziaji wa dawa ukoko, ile ya kuua mbu inayobaki kwenye kuta za nyumba? Nitalijibu kwa hesabu moja na nitaifuata mpaka mwisho. Tarakimu za wilaya nitakazotumia ni za mfano, nimezichagua ili zigawanyike kwa urahisi. Mkirudi ofisini mtaweka za kwenu.

Tuseme kata mnazozilenga zina watu 100,000. Mkigawa chandarua kimoja kwa kila watu wawili, mnahitaji vyandarua 50,000. Kila kimoja, kwa bei yake pamoja na usafiri, uandikishaji wa kaya na posho za wagawaji, kinafika mlangoni kwa shilingi 9,000. Jumla ni milioni 450. Upande wa pili kuna nyumba 20,000, na kuipulizia moja kunagharimu shilingi 22,500: dawa, mabomba, mavazi ya kinga, mafunzo, malipo ya wapuliziaji, magari. Hapo pia jumla ni milioni 450.

Mtu akiziona hundi mbili zenye kiasi kimoja atadhani gharama ni sawa. Si sawa. Chandarua kinanunuliwa leo na kinatarajiwa kutumika miaka mitatu, kwa hiyo gharama yake ya mwaka ni milioni 150. Wachumi wa afya wangeongeza kidogo hapo, kwa sababu fedha iliyotolewa yote leo si sawa na ile inayotolewa kidogo kidogo, na kwa kawaida hutumia asilimia 3 kwa mwaka. Kwa leo tuliache hilo. Dawa ukoko inadumu ukutani kwa miezi tu, na ukuta wa udongo huinyonya mapema kuliko wa saruji, kwa hiyo mwakani mnapulizia tena. Milioni 450 ni ya mwaka mmoja.

Mweka hazina, hapa nina ombi kwako. Kitu kilichotolewa na mfadhili kiandikwe kwa bei yake kamili. Nimeona ripoti ambamo vyandarua vimeandikwa sifuri kwa sababu vililetwa bure, kisha programu ikasifiwa kuwa nafuu. Mfadhili akiondoka, bei ile inarudi, na wilaya iliyofanya uamuzi kwa sifuri haina pa kuishika. Saa za watumishi wenu nazo ziingie, hata kama mishahara inalipwa na Hazina. Muuguzi aliyekuwa anaandikisha kaya siku ile hakuwepo kliniki.

Sasa tuje kwenye matokeo, na hapa ndipo hesabu nyingi zinaharibika. Wengi huhesabu watu waliokingwa: watu 100,000 huku, watu 100,000 kule. Lakini aliyepewa chandarua akakitumia kufunika vifaranga yumo katika idadi hiyo. Tunachokitaka ni wagonjwa walioepushwa, yaani wale ambao wangeugua na hawakuugua. Hao hawamo kwenye rejista yoyote. Inabidi tuwapate kwa kulinganisha.

Tuseme kabla ya kazi kila kata ilikuwa na wagonjwa 400 waliothibitishwa kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Baada ya upuliziaji wakabaki 200. Mtu ataruka: tumeepusha 200 kwa kila 1,000, yaani wagonjwa 20,000, kwa hiyo kila mmoja ametugharimu shilingi 22,500. Lakini tazameni kata jirani ambazo hazikupata programu yoyote mwaka huohuo: zimeshuka kutoka 400 hadi 350. Mvua ilikuwa haba na mazalia yalikauka. Hao 50 hawakuokolewa na dawa, hivyo tunawatoa. Kazi ya dawa ni 150 kwa kila 1,000, sawa na wagonjwa 15,000, na gharama ya kweli ni shilingi 30,000 kwa kila mmoja. Kata za vyandarua, kwa hesabu hiyohiyo, tuseme zimeepusha 90 kwa kila 1,000, yaani wagonjwa 9,000 kwa mwaka. Milioni 150 kwa wagonjwa 9,000 ni kama shilingi 16,700.

Kuna mtego mwingine ndani ya DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za vituo vya afya. Vipimo vya haraka vikiisha kwenye zahanati, wagonjwa waliothibitishwa hupungua ghafla na programu inaonekana imefaulu. Utaugundua kwa kutazama namba mbili pamoja: waliopimwa, na asilimia ya waliokutwa na vimelea. Kama waliopimwa wamepungua kwa nusu na asilimia imebaki palepale, kilichopungua ni vipimo. Malaria ikipungua kweli, na watu wakaendelea kupimwa kama zamani, asilimia nayo hushuka.

Basi tuna 16,700 na 30,000. Je, vyandarua vimeshinda? Kwa wastani ndiyo, lakini dawa imeepusha wagonjwa wengi zaidi. Swali la kuamulia ni hili: ukiacha vyandarua ukachukua dawa, kila mgonjwa wa ziada unayemwepusha anakugharimu kiasi gani? Fedha za ziada ni milioni 450 toa 150, yaani milioni 300. Wagonjwa wa ziada ni 15,000 toa 9,000, yaani 6,000. Gawanya: shilingi 50,000 kwa kila mmoja. Ile 30,000 ilikuwa imeificha namba hii, kwa sababu wagonjwa 9,000 wa mwanzo mngeweza kuwaepusha kwa bei ya chandarua.

Hata hiyo 50,000 msiichonge kwenye jiwe. Imesimama juu ya dhana kwamba chandarua kinadumu miaka mitatu, na vyandarua vilivyofuatiliwa katika wilaya za Tanzania vimeonekana kuchakaa kabla ya hapo. Weka miaka miwili: vyandarua vinakuwa milioni 225 kwa mwaka, shilingi 25,000 kwa kila aliyeepushwa, na mgonjwa wa ziada wa dawa ukoko anashuka hadi shilingi 37,500. Aina ya chandarua nayo ina uzito wake. Katika utafiti wa Misungwi, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022, baada ya miaka miwili watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 45.8 kwenye vijiji vya vyandarua vya kawaida vyenye dawa ya mbu ya pairethroidi peke yake, na asilimia 25.6 kwenye vijiji vya vyandarua vilivyoongezwa dawa ya pili, klorfenapiri. Mbu wa kule wamekuwa sugu kwa pairethroidi. Kwa hiyo msichukue ufanisi wa chandarua cha aina moja mkauweka kwenye bei ya aina nyingine.

Jambo la mwisho ni kuivunja namba ya wilaya kata kwa kata. Gharama ya kupulizia nyumba karibu haibadiliki, ila wagonjwa hubadilika sana. Kata ya mabonde ya mpunga yenye wagonjwa mara mbili ya wastani, kinga ikipunguza kwa uwiano uleule, itawapa mgonjwa wa ziada kwa kama shilingi 25,000. Kata ya mwinuko yenye nusu ya wastani itawadai 100,000. Mkiwa na milioni 450 kila mwaka, vyandarua kwa watu wote vitachukua wastani wa milioni 150 kwa mwaka. Inayobaki ipelekeni mabondeni kwanza, lakini fanyeni hesabu yake upya. Huko dawa itapuliziwa juu ya vyandarua vilivyokwisha kugawiwa, na haitaepusha wagonjwa wengi kama pale inapofanya kazi peke yake.