Sekunde za Mwisho za Video

Ndugu zangu watengenezaji wa video wa hapa Moshi, leo nitazungumzia sekunde za mwisho tu, zile ambazo wengi wetu huzijaza kwa "asanteni kwa kutazama, msisahau kulaiki na kusabskraibu". Atakayefungua YouTube Studio na kuutazama mstari unaoonyesha watazamaji waliobaki, mara nyingi ataukuta ukiporomoka pale pale msemaji anapoanza kuaga. Mtazamaji hangoji umalize. Akisikia sauti imeshuka na muziki wa kufungia umeingia, ameshakwenda zake.

Tuchukue video ya dakika sita kuhusu mkulima wa kahawa wa Kibosho. Inaanza na swali moja: atajuaje kwamba punje zimekauka kiasi cha kutiwa guniani? Tunaona kahawa ikikobolewa, ikivundikwa, ikioshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Mwishoni mzee anamenya punje moja ganda lake, anaiuma, anaitazama, kisha anamwambia kijana wake: "Funga gunia." Hapo video imekwisha, na neno lolote litakaloongezwa, hata "kama mlivyoona", litaipunguzia nguvu.

Lakini mwisho huo hausimami wenyewe. Karibu na dakika ya pili lazima tuwe tumemwona mzee akiuma punje ambayo bado ina unyevu, jino likaacha alama, naye akairudisha kichanjani huku akieleza kwamba iliyokauka hukataa jino. Bila tukio hilo, mtazamaji asiyelima kahawa ataona mzee anatafuna tu. Tukio hilo likiwapo, mwishoni anaelewa mwenyewe bila kuelezwa. Muziki nao uzimwe kabla punje haijafika mdomoni, ili mlio wa jino usikike. Kwa hiyo kinasa sauti kiwe karibu na mzee, kwani kile cha kamera iliyo mbali kitaleta upepo wa migombani.

YouTube huruhusu skrini ya mwisho, yenye viungo vya video nyingine, ikae sekunde 5 hadi 20 za mwisho. Wengi huweka hapo kadi yenye nembo, jambo ambalo mimi naliona ni kupoteza picha nzuri. Mpiga picha asizime kamera baada ya "Funga gunia". Aendelee kurekodi mikono ikishona gunia walau sekunde 15, huku upande mmoja wa fremu ukiachwa wazi kwa ajili ya viungo hivyo. Shukrani kwa mzee ziandikwe kwenye maelezo yaliyo chini ya video.

Mkirudi kwenye ule mstari, msishtuke kuona bado unashuka wakati wa kushona gunia, kwa sababu wengine watakuwa wamebofya video inayofuata. Kinachostahili kuwatia wasiwasi ni ukishuka kabla mzee hajaiuma punje, maana hapo kuna kitu kilichowaashiria mapema kwamba mambo yamekwisha.